Waa Jeusi Chini ya Unyayo

Mwaka 1977 Bob Marley alikuwa ziarani Ulaya, na kama ilivyokuwa desturi yake, kila alipopata nafasi alicheza mpira. Siku moja akaumia kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole kilekile kilichokuwa kimekwisha kuumia zamani. Ukucha ukaharibika na kidonda kikagoma kupona. Nani angewaza jambo jingine zaidi ya rafu ya uwanjani? Lakini madaktari walipokata kipande cha nyama na kukipima, walikuta saratani ya ngozi, ile iitwayo melanoma, imejificha chini ya ukucha.

Walimshauri kidole kikatwe. Akakataa kwa sababu ya imani yake ya Kirasta. Ukatolewa ukucha pamoja na nyama iliyoulalia, na pengo likazibwa kwa ngozi ya paja. Septemba 1980 alianguka akikimbia katika bustani moja ya jiji la New York, na vipimo vikaonyesha kuwa saratani imefika kwenye ubongo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Alikuwa na miaka 36.

Wapo wanaosema kuwa aliupata ugonjwa huo kwa sababu baba yake alikuwa mzungu. Maelezo hayo yanafariji, lakini si sahihi. Melanoma ya chini ya ukucha, ya kiganja na ya unyayo huwapata watu wa rangi zote. Kinachowatofautisha weusi ni kwamba kwao aina nyingine za melanoma, zile zinazoota mgongoni au usoni kwa kuchomwa na jua, ni adimu mno. Kwa hiyo melanoma ya mtu mweusi, inapotokea, mara nyingi huwa mguuni. Na mguuni ndiko asikotazama mtu.

Kuelewa kwa nini iko hivyo kunaanzia kwenye rangi yenyewe. Mweusi na mweupe wana karibu idadi ileile ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tofauti ni kwamba za mweusi hutoa rangi nyingi zaidi, melanini, ikiwa katika chembe kubwa zilizotawanyika vizuri na kuifunika ngozi kama paa. Kinga hiyo ya kuzaliwa hukadiriwa kuwa sawa na losheni ya jua yenye namba 13 hivi. Lakini mtu akigeuza kiganja chake ataona kuwa paa hilo halikufika huko. Viganja na nyayo ni vyeupe kwa kila mtu. Tena unyayo hauoni jua hata kidogo, kwa hiyo saratani ya huko haiwezi kulaumiwa jua, wala losheni haiwezi kuizuia. Wataalamu wengine wanashuku kukandamizwa na kuumizwa kwa mguu miaka na miaka, ila jambo hilo halijathibitishwa. Kinachoweza kufanyika ni kuiona mapema.

Shida ni kwamba nyayo za watu weusi zina madoa mengi ambayo hayana ubaya wowote. Mtu mzima akikaa kitandani, akaosha miguu na kuitazama kwenye mwanga, huenda akaona vidoa vya kijivu au kahawia vitano, sita, hata kumi, vimetawanyika miguu yote miwili, na mistari ya viganja vyake imekoza. Hiyo ndiyo ngozi yake. Madoa ya namna hiyo ni madogo, yanafanana, na yamekaa vilevile tangu ujana. La kutafutwa ni lile moja lisilofanana na wenzake: ni jipya au limeanza kutanuka, upande mmoja haulingani na wa pili, kingo zake zimechongoka kama ramani ya pwani, na rangi yake si moja bali kahawia, nyeusi na kijivu zimechanganyika. Likizidi upana wa kifutio cha nyuma ya penseli, yaani milimita 6 hivi, halifai kungojewa. Vigezo hivyohivyo hutumika kwa baka la kuzaliwa nalo au kidoa kilichoota popote mwilini.

Melanoma nyingine huvunja kanuni hizo zote. Haina weusi kabisa: ni kinyama cha rangi ya waridi, au kidonda kibichi kinachotoa maji na damu. Huyu ndiye anayewapoteza watu wengi. Hutibiwa kama chunjua, kama fangasi, kama mwiba uliobaki ndani. Mgonjwa hupewa dawa ya kupaka, baadaye vidonge, baadaye sindano, na kila mara huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kwa hiyo madaktari wa miguu wana kipimo chepesi ambacho yeyote anaweza kukitumia bila kujua jina la ugonjwa: kidonda au uvimbe wa mguuni ambao haujapona kwa miezi miwili, au unaovuja damu bila kugongwa, ukatwe kipande upelekwe maabara. Kupaka dawa ya tatu hakusaidii.

Kucha zina hesabu yake. Watu wengi weusi, hasa waliovuka miaka 50, wana mistari ya kahawia inayotoka mzizi wa ukucha hadi nchani. Ikiwa kwenye kucha kadhaa na imekaa hivyo kwa miaka, kwa kawaida ni rangi tu. Mstari wa kuogopwa ni ule ulio kwenye ukucha mmoja, mara nyingi wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, uliotokea ukubwani na unaopanuka. Ukifikia milimita 3, au ukawa mpana zaidi kwenye mzizi kuliko nchani, una maana kuwa kinachoutengeneza kinakua. Na weusi ukivuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka, hiyo ni dalili nzito kuliko zote.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aliyeangukiwa na mchi kwenye kidole gumba cha mguu. Baada ya muda anaona weusi chini ya ukucha. Ni damu iliyovilia au ni kitu kingine? Anaweza kuupima mwenyewe. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Achukue tupa ya kucha, akwaruze alama ndogo juu ya ukucha, pale weusi unapoishia upande wa mzizi, kisha aandike tarehe kwenye kalenda. Baada ya miezi miwili alama itakuwa imesogea mbele milimita 3 hivi. Ikiwa ni damu, weusi utakuwa umesogea pamoja na alama, na nyuma yake ukucha safi utakuwa umeanza kutokeza. Ikiwa weusi umebaki umeshika mzizi, wakati alama imeondoka, basi kuna kinachozidi kuutengeneza kutoka chini, na mchi hauhusiki tena. Huyo asingoje mwezi wa tatu. Na kama weusi umekwisha ingia kwenye ngozi, au ukucha unapasuka na kuvuja damu, hana haja ya kupima chochote; aende hospitali wiki hiyohiyo.

Akifika huko atapigwa sindano ya ganzi, kisha kipande kidogo kitakatwa na kupelekwa kwa daktari wa maabara anayesoma nyama kwa darubini. Watu huogopa hatua hiyo. Mitaani husemwa kuwa saratani ikiguswa na wembe inasambaa, na maneno hayo yamewaponza wengi, kwa sababu kipande kinachokatwa na daktari hakisambazi melanoma. Anachokitafuta msomaji wa darubini ni kina. Melanoma isiyozidi milimita 1 kwenda chini kwa kawaida huondolewa pamoja na sentimita 1 ya ngozi nzima kuizunguka, na wagonjwa wengi wa hatua hiyo hupona. Ikizidi milimita 2, huhitaji sentimita 2, na daktari atapapasa kinena akitafuta mitoki, kwa kuwa huko ndiko seli za mguuni hupitia kwanza zinapoanza safari. Mtoki usiouma kwa mtu mwenye waa unyayoni ni habari mbaya.

Ipo saratani nyingine ya ngozi ambayo Waafrika weusi huipata zaidi kuliko melanoma, nayo huanza kwenye kovu. Mtu aliungua moto utotoni, au ana donda ndugu la mguu lililokaa miaka kumi na tano. Siku moja kingo za donda zinaanza kuinuka na kuwa ngumu, nyama inaota kama koliflawa, harufu inabadilika, damu inatoka pakisafishwa. Kwa kuwa kidonda kimezoeleka nyumbani, hakuna anayeshtuka. Muuguzi anayekifunga kila wiki ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuomba kipande kipimwe.

Na jua je? Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba losheni ya jua humkinga na saratani. Faida yake kwake ni nyingine: inazuia madoa meusi ya usoni yasikolee, na inamfaa zaidi aliyekwisha kuchubua ngozi kwa mkorogo, kwani huyo ameliezua paa lake mwenyewe. Kofia na mwavuli vinatosha kwa wengi.

Kwa mwenye ualbino mambo yanageuka kabisa. Melanini yake ni kidogo mno au haipo, na jua la ikweta humletea saratani usoni, masikioni, shingoni na mdomoni akiwa bado kijana. Yeye anahitaji mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana pande zote unaofunika masikio na shingo, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na losheni yenye namba 30 au zaidi. Kiasi nacho kina maana: mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, kisha kupaka tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kupaka chembe kama ya poda ni sawa na kutopaka. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza kutengeneza losheni yake, Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino, na kituo chake cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimewasomesha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kipele kikavu kinachobanduka na kurudi palepale kwenye sikio la kijana mwenye ualbino kigandishwe au kikatwe kikiwa bado ni kipele.

Basi mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, tazama nyayo zako, katikati ya vidole, kisigino na kila ukucha. Kina mama wanaopaka rangi ya kucha au hina waache kucha zipumue siku moja kabla ya kupaka tena, maana chini ya rangi hakuna kinachoonekana. Usipoweza kujiinamia, mpe mguu mjukuu atazame au apige picha kwa simu, ili mwezi ujao mlinganishe. Na siku ukikatwa kinyama chochote, zahanati au hospitali, usitoke chumbani kabla ya kuuliza kipande kimepelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini.