Barua pepe ya ombi moja huokoa mzigo mpakani

NAMANGA – Mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola anayepeleka mzigo Nairobi huweza kumwandikia wakala wake wa forodha hivi:

“Samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, tena nilishakusumbua juzi. Lori limechelewa, na mteja analalamika, basi ukipata nafasi uniangalizie ile karatasi, na bei ya usafiri pia, samahani tena.”

Wakala hajui ni karatasi gani wala inatakiwa lini. “Ukipata nafasi” humruhusu kuiweka kando, na vitunguu vinaoza.

Dawa ni kutafuta kitu kimoja kitakachozuia lori lisivuke. Hapa ni cheti cha usafi wa mimea. Bei ya usafiri isubiri barua nyingine. Kichwa kitaje ombi na siku: “Cheti cha vitunguu, Alhamisi saa 10 jioni”. Kisha:

“Habari za kazi, kaka. Naomba unitumie nakala ya cheti cha usafi wa mimea cha magunia 120 ya vitunguu kabla ya Alhamisi saa 10 jioni. Lori linaondoka saa 12 jioni hiyo. Ikishindikana, nijulishe kabla ya saa 6 mchana. Asante.”

Salamu imebaki, na heshima haikupungua. Sababu ni moja, nayo inaeleza muda.

Anayemwandikia wakala wa Kigali aseme ni saa ya wapi, kwani Kigali iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja.