Ukuta Ulioanguka Blender na Kusimama Wima Kwenye Gemu

Tuseme unatengeneza gemu, na ndani yake kuna ukuta ambao lazima ubomolewe na mpira wa chuma. Umeuchora kwenye Blender, ukaupasua vipande 40, ukawasha fizikia. Ulipobonyeza kitufe cha kuchezesha, vipande viliruka, vikagongana na kutulia sakafuni vizuri kabisa. Unahifadhi faili la `.glb`, unalifungua kwenye Godot, na ukuta umesimama wima. Hakuna kipande kinachosogea, wala hakuna onyo lolote kwamba kitu kimeharibika.

Kwa kweli hakuna kilichoharibika. Vipande vile havikuwahi kuwa na mwendo wao wenyewe. Blender hutumia maktaba ya fizikia iitwayo Bullet, ambayo huangalia kila kipande kiko wapi, kinakwenda kasi gani, kina uzito gani na kinagusana na nini, kisha hukokotoa kitakuwa wapi katika fremu inayofuata. Fremu ya 50 haijulikani mpaka ya 49 ikokotolewe. Faili la glTF halibebi kikokotoo hicho. Linabeba maumbo, rangi, mifupa na alama za mwendo, yaani kumbukumbu zinazosema kwamba katika sekunde fulani kitu hiki kilikuwa hapa na kilikuwa kimegeuka hivi. Godot na Unity zina fizikia yake, lakini ukiziachia zipige hesabu upya, ukuta utaanguka kwa namna nyingine, na kile kipande ulichotaka kiuzibe mlango huenda kikaangukia upande wa pili.

Kwa hiyo mwendo uliokokotolewa lazima uandikwe kuwa alama, fremu kwa fremu, kabla ya kuhamishwa. Wachoraji wa 3D huiita kazi hii kubeki, na hapa ndipo wengi hukwama kwa sababu Blender ina kubeki kwa aina mbili. Kwenye mipangilio ya Rigid Body World, chini ya `Cache`, kuna kitufe cha `Bake`. Hicho huhifadhi matokeo ya hesabu ndani ya Blender ili usisubiri tena unapochezesha. Hakiandiki alama hata moja kwenye vipande. Mtu hukibonyeza, akaona kazi imekamilika, akahamisha faili, na ukuta ukabaki vilevile. Kinachotakiwa kiko kwenye menyu ya `Object`, ndani ya `Rigid Body`, na jina lake ni `Bake to Keyframes`.

Kabla ya kukigusa, kuna maandalizi. Amua kwanza idadi ya fremu kwa sekunde. Blender huanza na 24. Kwa ukuta huu tuchukue 30. Ukiibadilisha baada ya kuridhika na mwanguko, hesabu itabadilika na mwanguko utakuwa mwingine. Kisha chagua vipande vyote, bonyeza Ctrl+A na uchague `Scale`, ili ukubwa wa kila kipande usomeke kuwa 1. Halafu hakikisha kitovu cha kila kipande kiko katikati ya uzito wake, kwa `Origin to Center of Mass (Volume)` iliyo kwenye `Set Origin`. Bullet huchukulia kitovu kuwa ndipo uzito ulipo, kwa hiyo kipande chenye kitovu pembeni hupinduka kama kina risasi iliyofichwa kwenye kona moja.

Tatizo la ukuta uliopasuliwa ni kwamba vipande vyake vimebanana. Fizikia inaweza kuviona vimeingiliana na kuvisukuma mbali, na ukuta ukafumuka kabla mpira haujafika. Kwenye `Dynamics` washa `Deactivation` pamoja na `Start Deactivated`, ili kila kipande kilale mpaka kiguswe. Mpangilio huohuo husaidia mwishoni pia, kwa kuwa kipande kilichokwisha kutulia hulazwa tena badala ya kutetemeka sakafuni bila kukoma. Mtetemo ule ukibekiwa utakwenda nao hadi kwenye gemu.

Sasa hifadhi nakala ya faili, na usiiruke hatua hii. `Bake to Keyframes` ikishaandika alama huviondolea vipande fizikia yake, na baada ya hapo huwezi kurudi kubadilisha uzito au msuguano. Kisha chagua vipande vyote 40, uache sakafu, na utekeleze amri. Anayependa kuandika amri kwenye dirisha la Python hupata jambo lilelile hivi:

```python
import bpy
bpy.ops.rigidbody.bake_to_keyframes(
    frame_start=1, frame_end=90, step=1)
```

Fremu 90 ni sekunde 3. Ile `step=1` ina maana alama moja kila fremu, na hapo hushawishika mtu kuweka 3 ili faili liwe jepesi. Tazama kinachotokea. Kipande kilichodondoka kutoka urefu wa mita 2 hufika chini kikiwa na kasi ya takriban mita 6.3 kwa sekunde. Katika fremu moja ya 30 kinasafiri sentimita 21, na katika fremu tatu kinasafiri sentimita 63. Tuseme alama moja imeandikwa kikiwa bado sentimita 30 juu ya sakafu, na inayofuata imeandikwa kikiwa kimekwisha kudunda na kuanza kupanda. Katikati ya alama hizo mbili injini huunganisha kwa mstari ulionyooka. Kipande hakitagusa sakafu kamwe, kitadunda hewani. Macho ya mchezaji huikamata kasoro hiyo upesi, hata kama hawezi kueleza ni nini hasa kimemkera.

Na uzito unaookolewa ni mdogo. Kila alama ya kipande ina namba 7, tatu za mahali na nne za mgeuko. Vipande 40 kwa fremu 90 ni alama 3,600, na kwa baiti 4 kila namba jumla ni kama kilobaiti 100. Picha moja ya rangi ya tofali hupita kiasi hicho. Punguza fremu za mwisho ambako kila kitu kimelala, lakini usipunguze pale panapogongana.

Unaweza kupima kama kubeki kumefanikiwa bila kutoka Blender. Futa sakafu na uchezeshe. Kama vipande vinapita na kuzama chini, fizikia bado ndiyo inayoviendesha. Kama vinaanguka na kudunda juu ya sakafu isiyokuwepo, mwendo umeandikwa. Irudishe sakafu na uendelee.

Kuhamisha nako kuna mtego wake. Baada ya kubeki, kila kipande kina mwendo wake binafsi wenye jina lake, na kwa mpangilio wa kawaida wa glTF unaweza kupata ndani ya Godot orodha ndefu ya miendo tofauti, kila mmoja ukichezesha kipande kimoja tu. Kwenye dirisha la kuhamisha, katika `Animation mode`, chagua `Active actions merged`. Miendo yote inayotumika itaunganishwa kuwa mmoja. Anayetumia FBX kwenda Unity azime `All Actions`, kwani chaguo hilo hujaribu kumpa kila kipande miendo ya vipande vyote, na ashushe `Simplify` hadi 0, la sivyo Blender yenyewe itafuta alama inazoziona hazina maana. Mara nyingi huwa ni zilezile za mgongano.

Injini nayo hupenda kupunguza. Unity hubana mwendo wakati wa kuingiza faili, na Godot ina `Optimizer` inayofanya vivyo hivyo. Ukiona ukuta ulikuwa safi Blender lakini kwenye gemu vipande vilivyotulia vinateleza polepole, au kipande kimezama kidogo ndani ya jirani yake, zima kwanza ubanaji huo ndipo uanze kutafuta kosa kwingine.

Ukuta, basi, unabekika kwa urahisi kwa kuwa kila kipande ni kigumu: kinahama na kugeuka, lakini umbo lake halibadiliki. Kitambaa ni habari nyingine. Bendera inayopepea haihami popote. Inayohama ni kila nukta ya umbo lake. Ukiibeki kwa njia ya ukuta utapata alama za kitu kilichosimama tuli. Badala yake, kila fremu ya bendera hugeuzwa kuwa umbo la akiba, kwa amri ya `Save as Shape Key` kwenye modifaya ya `Cloth`. Kisha maumbo hayo huwashwa moja baada ya jingine, kila moja likipanda kutoka 0 hadi 1 wakati lililotangulia linashuka kutoka 1 hadi 0. Idadi ya nukta haipaswi kubadilika kati ya fremu, kwa hiyo modifaya ya kulainisha kama `Subdivision` lazima ithibitishwe kabla au iondolewe.

Gharama yake inaonekana mara moja. Bendera ndogo ya nukta 600 kwa fremu 60 ni namba 108,000 za mahali peke yake, takriban kilobaiti 430, na ukiongeza mielekeo ya uso ili mwanga uangukie mikunjo vizuri, kiasi hicho huongezeka maradufu. Hiyo ni bendera moja, kwa sekunde 2. Tena simulesheni ya kitambaa hairudi ilikoanzia, hivyo fremu za mwisho inabidi uzichanganye taratibu na za mwanzo, la sivyo bendera itashtuka kila baada ya sekunde mbili. Kwa gemu ya simu ningetumia mifupa michache iliyopangwa kwa safu na kuifanya ifuate kitambaa, kisha nikabeki mifupa. Mikunjo midogo hupotea, ila mpepeo hubaki, na bendera huwa nyepesi kama ukuta.

Njia hii ina kikomo chake. Ukuta uliobekiwa utaanguka vilevile kila mara, mpira ukitoka kushoto au kulia. Vipande vyake havijui kwamba mchezaji yupo. Atapita katikati yavyo mpaka umwekee maumbo rahisi ya kugonga pale kifusi kinapotulia, yawashwe mwendo unapokwisha. Kwa ukuta unaoanguka mara moja katika hadithi, mbele ya kamera uliyoipanga wewe, hilo halina shida. Kwa ukuta ambao mchezaji anaweza kuupiga popote na kwa chochote, iachie injini ipige hesabu yake yenyewe, na uipe vipande vichache inavyoweza kuvimudu.