Uliza Nani Ameondoka

Saa tisa alasiri, maonesho ya ajira katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam yanakaribia kufungwa. Wahitimu wawili wa uhasibu wameketi chini ya mwembe. Mmoja ana mfuko uliojaa vipeperushi, kalamu na kofia za benki. Mwenzake ana daftari lenye mistari minne. Mmoja unasomeka hivi: "Ofisa mikopo, Mbeya, nafasi 2. Waliokuwepo wamehamishiwa makao makuu. Tangazo kabla ya mwisho wa Septemba. Anasimamia meneja wa tawi."

Mstari huo haukuandikwa popote kwenye kipeperushi. Ulipatikana baada ya dada wa idara ya masoko, aliyekuwa akigawa kofia, kuombwa amwite msimamizi wa idara ya mikopo. Hapo ndipo wengi hukosea: wanayemkuta mbele ya banda mara nyingi ametumwa kuitangaza kampuni, na nafasi zilizo wazi hazijui. Msimamizi wa idara ndiye anayejua nani kaacha kazi, nani kapanda cheo na tawi gani linafunguliwa.

Kwa hiyo swali "Mna nafasi?" halisaidii sana, kwa sababu jibu lake ni lilelile: "Acha wasifu wako, tutakupigia." Afadhali kuuliza ni nani ameondoka katika idara miezi ya karibuni na kama pengo lake limezibwa. Penye nafasi ya kweli, anayeulizwa atataja cheo, kituo cha kazi, idadi na muda wa kutangaza. Akishindwa kutaja hata kimoja, huenda hakuna nafasi, au aliyeulizwa siye.

Kwenye mabanda ya serikali swali hubadilika. Ajira nyingi za umma Tanzania hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kupitia portal.ajira.go.tz, kwa hiyo bahasha ya wasifu iliyoachwa mezani haifiki mbali. Lakini kabla ya tangazo kutoka, taasisi huhitaji kibali cha ajira. Ofisa utumishi anaweza kuulizwa: ikama yenu ina upungufu katika kada ya uhasibu? Kibali cha mwaka huu wa fedha, ulioanza Julai 1, kimeshatoka? Akijibu kwamba kimetoka, mhitimu ana muda wa kuhuisha taarifa zake kwenye mfumo na kuhakiki vyeti kabla dirisha halijafunguliwa.

Habari za mdomo nazo huchacha. Bajeti hukatwa, na aliyetarajiwa kuhama hubaki. Kijana wa daftari ameandika tarehe pembeni ya kila mstari, pamoja na cheo cha aliyemwambia. Jumatatu atampigia yule msimamizi wa mikopo, amkumbushe walivyozungumza, kisha amuulize kama zile nafasi mbili za Mbeya bado zipo.