Gharama ya Kupandisha Ndoo ya Maji Mlimani

Anayepanda mlima na mzigo hupandisha vitu viwili: mzigo na mwili wake. Katika milima ya Usambara, tuchukue mtu wa kilo 60 aliyejitwika maji lita 20, yaani kilo 20, kutoka bondeni hadi nyumba iliyo mita 100 juu. Kuinua kilo 80 kimo hicho ni kazi ya kilojuli 78 hivi. Lakini misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa kazi. Inayobaki hupotea kama joto. Hivyo mwili hutumia kama kilokalori 75 kwa kupanda peke yake, mbali na gharama ya kusogea mbele. Bila mzigo angetumia 56.

Akibeba lita 10 mara mbili, atainua mwili wake mara mbili na kutumia kama 130, ingawa shingo itapumzika. Mteremko mkali haubadilishi kimo, hufupisha njia. Njia ikiwa na mwinuko maradufu, mwendo upunguzwe karibu nusu, la sivyo pumzi hukatika upesi.