Kupunguzwa kazi Ifo: hesabu ya ofa ya kwanza na mahali pa kuisukuma

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya Dadaab yaliyotegemea fedha hizo yalianza kupunguza wafanyakazi. Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991, haina viwanda wala kampuni kubwa. Ukiacha biashara za sokoni, ajira zake nyingi zimebebwa na wafadhili, kwa hiyo fedha zikikatwa mtu hana mwajiri mwingine wa kumgeukia mtaa wa pili. Pesa anazoondoka nazo siku hiyo ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba Garissa, karo, na zamu yake katika ayuuto mpaka apate kazi nyingine. Ndiyo maana barua ya kupunguzwa kazi inastahili kusomwa kwa kalamu na kikokotoo kabla ya kutiwa sahihi.

Nitamzungumzia mfanyakazi Mkenya mwenye mkataba, kisha niwafikie wakimbizi wanaolipwa insentivu, kwa sababu mambo yao ni tofauti sana.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inaweka sakafu. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yao haipo tena lazima amjulishe afisa wa kazi, pamoja na chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi, angalau mwezi mmoja kabla. Anapochagua nani aondoke, lazima aangalie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha alipe siku za likizo zilizobaki, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na malipo ya kupunguzwa kazi yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Neno la kushika hapo ni "yasiyopungua". Siku 15 ni kiwango cha chini kabisa, na hakuna sheria inayomzuia mwajiri kulipa 20 au 30.

Tuchukue mfano wa hesabu. Afisa wa lishe, mwenyeji wa Garissa, amefanya kazi Ifo miaka 4 na miezi 10. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 60,000. Juu yake kuna posho ya nyumba 12,000 na posho ya mazingira magumu 18,000, jumla 90,000 kwa mwezi. Ana siku 14 za likizo ambazo hajazichukua. Kiasi chote nitakachotaja ni kabla ya kodi ya mshahara.

Ofa ya kwanza mara nyingi hupigwa hivi: mshahara wa msingi unagawanywa kwa 30, unapata 2,000 kwa siku. Siku 15 mara miaka 4 ni siku 60, yaani 120,000. Notisi ni 60,000. Likizo ni 28,000. Jumla 208,000. Barua inaonekana safi, kila kipengele cha sheria kimetajwa, na mfanyakazi anaamini hakuna la kuongeza.

Sasa piga upya bila kugusa zile siku 15. Tumia mshahara wote wa 90,000, ugawanye kwa siku 26 za kazi za mwezi badala ya 30. Siku moja inakuwa kama 3,461. Siku 60 zinafika karibu 207,700, notisi 90,000, likizo karibu 48,500. Jumla inapanda hadi karibu 346,000. Tofauti ya zaidi ya shilingi 138,000 imetoka kwenye maswali mawili tu: mshahara upi, na umegawanywa kwa ngapi? Kifungu cha 40 kinasema malipo ya siku 15. Hakisemi mshahara wa msingi pekee, wala hakitaji kigawanyo. Hapo ndipo pa kujadiliana kwanza. Kwenye notisi hoja yako ni nzito zaidi, maana ungekuwa kazini mwezi huo ungelipwa 90,000 zote na posho zake.

Wengi huanza kwa kuomba waongezewe siku, wakiacha msingi wa hesabu ulivyo. Mimi naona hilo ni kuanza na mlango mgumu. Kuongeza siku kutoka 15 hadi 20 mara nyingi kunahitaji idhini ya makao makuu Nairobi au ng'ambo, kwa kuwa kutawahusu wafanyakazi wote. Kigawanyo na posho ni mambo ambayo ofisi ya rasilimali watu inaweza kuyarekebisha kwa kurudi kwenye mkataba na sera yake yenyewe. Omba kwa maandishi karatasi ya hesabu inayoonyesha kila kipengele, kisha ilinganishe na stakabadhi zako za mshahara za miezi ya mwisho.

Mlango wa pili ni tarehe. Afisa wetu ana miaka 4 na miezi 10, na sheria inahesabu miaka iliyokamilika, kwa hiyo miezi 10 inapotea. Akisogezewa tarehe ya kuondoka kwa miezi 2, hata kwa likizo isiyo na malipo kama itahesabiwa kuwa utumishi, anapata mwaka wa tano na siku 15 nyingine, karibu shilingi 52,000. Likishindikana hilo, aombe miezi 10 ilipwe kwa uwiano: siku 12 na nusu, karibu 43,000. Mashirika mengine hukubali uwiano kwa urahisi kuliko kusogeza tarehe, kwa sababu fungu la mfadhili linafungwa siku maalumu.

Tarehe ina upande mwingine pia. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue dhidi ya mfanyakazi wake wa zamani, na mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, Mahakama ya Rufani ilizichambua notisi hizi. Taarifa ya nia ya kupunguza kazi ni kitu kimoja, na notisi ya kumwachisha mtu kazi ni kingine. Katika kesi ya Kenya Airways mahakama ilisisitiza pia mashauriano ya kweli kabla ya uamuzi. Kwa hiyo ukipewa barua moja tu, inayokwambia kwamba kazi imekwisha na mwezi wako mmoja umeshaanza kuhesabiwa, uliza: afisa wa kazi alijulishwa lini, na nakala ya barua hiyo iko wapi? Kama hatua hiyo ilirukwa, shirika lenyewe linajua liko pabaya, maana mahakama ikiona mtu ameachishwa isivyo haki inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Swali hilo, likiulizwa kwa adabu na kwa maandishi, huweza kuleta mwezi wa ziada bila kesi yoyote.

Kuna majibu mawili utakayoyasikia ambayo hayafai kukunyamazisha. La kwanza: "Unachangia NSSF, kwa hiyo hakuna malipo hayo." NSSF inaondoa haki ya malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, ambayo ni kitu kingine kabisa. Haigusi malipo ya kupunguzwa kazi. La pili: "Mfadhili amekata pesa, si kosa letu." Kifungu cha 40 kinamwondoa mwajiri aliyefilisika kisheria, na huyo ana sehemu yake katika sheria. Mradi mmoja kufungwa si kufilisika kwa shirika zima.

Lakini kuna jibu la tatu ambalo lina uzito, na afadhali ulijue mapema. Mikataba mingi Ifo ni ya mwaka mmoja mmoja. Mkataba ukifika mwisho wake wenyewe na usiongezwe, hilo si kupunguzwa kazi, na kwa kawaida mahakama hazimpi mtu haki ya kuongezewa mkataba. Mtu aliyebakiza wiki 3 kwenye mkataba hana nguvu sawa na aliyebakiza miezi 8. Wa miezi 8 anaweza kudai malipo ya kifungu cha 40 na kujadili juu ya miezi iliyobaki. Wa wiki 3 atafaidika zaidi kwa kuhakikisha likizo yake, kiinua mgongo cha mkataba kama kimo, na barua nzuri. Kama mikataba yako ilifuatana bila pengo na siku za likizo zilihamishwa kutoka mwaka hadi mwaka, weka barua zote pamoja. Ndizo ushahidi wako kwamba utumishi ulikuwa mmoja.

Pesa zikigoma, omba visivyotoka kwenye fungu lile lile. Bima ya matibabu iendelee mpaka mwisho wa mwaka wa bima, kwa kuwa mara nyingi ada yake imeshalipwa. Kwa familia yenye mjamzito au mgonjwa wa sukari hilo linaweza kuzidi thamani ya siku zote za kujadiliwa. Kama una mkopo wa benki au wa sako unaokatwa kwenye mshahara, taka uandikiwe ni kiasi gani kitakatwa kwenye malipo ya mwisho kabla hujakubali jumla yoyote. Cheti cha utumishi ni haki yako, si zawadi. Sababu ya kuondoka iandikwe wazi kuwa ni kupunguzwa kazi, ili shirika jingine lisidhani ulifukuzwa.

Kisha inakuja karatasi ya kukiri kwamba umelipwa vyote na huna dai tena. Katika kesi ile ya 2013 mahakama ilisema karatasi hiyo peke yake haimwokoi mwajiri. Itaangaliwa kama ilisainiwa kwa hiari na kwa kujua mambo yote. Ila mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyo hiyo ilimfunga mfanyakazi kwa makubaliano aliyotia sahihi. Usisaini siku ile ile. Omba siku chache umwonyeshe wakili au afisa wa kazi. Ukilazimika kupokea pesa, andika juu ya sahihi yako kwamba umepokea bila kuacha haki ya kudai kilichobaki.

Kwenda mahakamani kuna gharama yake. Mwenye mshahara wa jumla usiozidi 80,000 anaweza kusikilizwa na hakimu. Afisa wetu wa 90,000 amevuka mpaka huo, na kesi yake ni ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Anapogombania 138,000, ada ya wakili na safari vinaweza kula sehemu kubwa, kwa hiyo kwake mazungumzo na malalamiko kwa afisa wa kazi ndiyo njia ya kwanza. Muda wa kushtaki ni miaka 3, ila barua na stakabadhi hupotea mapema kuliko hapo.

Mkimbizi anayelipwa insentivu, awe mkalimani wa zahanati au mhamasishaji wa mtaani, kwa kawaida hupewa karatasi isiyomwita mwajiriwa, na ofa yake ya kwanza mara nyingi ni mwisho wa mwezi tu. Nguvu yake kisheria ni ndogo, nami sitamdanganya. Hata hivyo aombe malipo ya mwezi mzima hata kama kazi ilisimama katikati, siku za mapumziko alizoahidiwa zilipwe, na barua yenye tarehe, cheo na mafunzo aliyopata, iliyotiwa muhuri wa shirika. Shirika la Refugee Consortium of Kenya, linalotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi, linaweza kumsomea karatasi yake. Aombe haya kabla ofisi ya mradi haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa hapatakuwa na wa kupiga muhuri.