Semina Imejaa: Kinachopaswa Kufuata Baada ya Neno Hilo

Mwandaaji wa semina anapoandika kwamba nafasi zimejaa, anayesoma anabaki na maswali mawili: je, kuna siku nyingine, na je, nikisubiri nina tumaini lolote? Matangazo mengi ninayoyaona hayajibu hata moja. Yanaanza na shukrani kwa mwitikio mkubwa, yanaomba radhi, kisha yanamalizia kwa kumtaka mtu aendelee kufuatilia. Anayesoma anafuatilia, halafu anachoka, na semina inafika ikiwa na viti vitatu vitupu ambavyo vingeweza kukaliwa.

Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa semina ya siku moja ya huduma ya kwanza, yenye mazoezi ya kufufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Nimeichagua kwa sababu ukomo wake hautokani na ukubwa wa ukumbi. Mshiriki hufundishwa kukandamiza kifua kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, akipuliza pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Mkono haujifunzi hayo kwa kutazama. Unahitaji sanamu ya mazoezi na mkufunzi anayekuona viwiko vikikunjika. Ukiwa na wakufunzi wanne, kila mmoja na washiriki sita, na sanamu nane, kila moja kwa watu watatu, unapata watu 24. Katika saa moja ya mazoezi, kila mtu anapata dakika 20 za kukandamiza. Ukiongeza mtu wa nne kwenye kila sanamu, dakika hizo zinashuka hadi 15, na mkufunzi sasa anatazama watu wanane badala ya sita.

Ndiyo maana mwandaaji anapoombwa "ongeza kiti kimoja tu", jibu sahihi ni hapana, na tangazo lenyewe liseme sababu kwa sentensi moja. Mtu akijua kwamba ukomo unatokana na sanamu na wakufunzi, haanzi kupiga simu kwa shemeji yake anayefahamiana na mwenye ukumbi.

Tuseme semina ni Jumamosi tarehe 13 Juni, na nafasi zimeisha Jumatatu ya wiki hiyohiyo. Tangazo ninalolipendekeza ni hili:

"Semina ya huduma ya kwanza ya Jumamosi tarehe 13 Juni imejaa. Tunapokea watu 24 tu ili kila mmoja apate sanamu ya mazoezi na mkufunzi wa kumwangalia.

Semina hiyohiyo itarudiwa Jumamosi tarehe 27 Juni, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, ukumbi uleule, ada ileile. Ukiitaka, jibu TAREHE 27.

Ukitaka kusubiri nafasi ya tarehe 13, jibu KUSUBIRI, nasi tutakupa namba yako. Orodha ni ya watu 6. Mwito wa mwisho ni Ijumaa tarehe 12 saa 6:00 mchana, kisha orodha inafungwa. Unaweza kuchagua yote mawili.

Tafadhali usilipe kabla hatujakuthibitishia nafasi."

Sentensi ya kwanza ya tangazo inataja ni semina gani na ni siku gani. Hilo halionekani kuwa kubwa mpaka ukumbuke kwamba ujumbe huu utasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kumfikia mtu ambaye hakuona bango la awali. Saa nazo zimeandikwa kwa hesabu yetu na zikatajwa asubuhi na jioni, kwa sababu fomu za mtandaoni huandika 8:30 na mshiriki mwingine husoma saa nane na nusu mchana. Nimewahi kumwona mtu akiingia ukumbini watu wakirudi kutoka kula.

Tarehe mpya itajwe tu ikiwa ukumbi umeshalipiwa walau amana na wakufunzi wamekubali. Katika mfano huu, wiki mbili zinatosha, na Jumamosi ya tarehe 27 inatangulia pilikapilika za Sabasaba ambapo watu wengi wa Dar es Salaam huwa na shughuli nyingine. Tarehe hiyo isiwekwe kwenye bango la umma mara moja. Waliokosa ya kwanza wapewe siku mbili za kuichagua kabla ya bango jipya kutoka, la sivyo wanaweza kukosa mara mbili, na mtu aliyekosa mara mbili hatajaza fomu ya tatu.

Sasa orodha ya kusubiri, ambako ndiko wengi wanakosea. Kwa nini watu sita na si thelathini? Chukua uzoefu kwamba katika kila watu wanane waliothibitisha, mmoja hujitoa kabla ya siku. Kwa watu 24, hao ni watatu kwa wastani. Ukipiga hesabu ya uwezekano, aliye namba 1 kwenye orodha ataitwa karibu mara 96 katika kila semina 100 za namna hiyo. Namba 3 ataitwa karibu mara 59. Namba 6 ni mara 7 tu. Ukimwandika mtu namba 20, umemnyima wikendi yake kwa ahadi isiyokuwepo, maana atakataa mwaliko wa harusi akisubiri simu ambayo haitapigwa.

Kila mwandaaji atumie uwiano wake mwenyewe. Semina ya bure hupoteza watu wengi zaidi kuliko yenye ada iliyolipwa mapema, kwa hiyo orodha yake inaweza kuwa ndefu kiasi. Hesabu yangu pia ina udhaifu ambao lazima uujue: inachukulia kwamba kila mtu anajitoa kwa sababu zake binafsi. Ofisi moja ikiwa imeandikisha watu wanane na mkurugenzi akaitisha kikao siku hiyo, wote wanane wanaondoka pamoja. Kwa hiyo kabla ya kupanga urefu wa orodha, tazama fomu na uhesabu makundi. Kundi kubwa likiwepo, mpigie msimamizi wake siku tano kabla na umwombe athibitishe majina.

Kuita watu nako kuna utaratibu wake. Jumatano mshiriki mmoja akijitoa, namba 1 anapelekewa ujumbe huu:

"Nafasi imepatikana: semina ya huduma ya kwanza, Jumamosi 13 Juni, saa 2:30 asubuhi. Jibu NDIYO kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Usipojibu, tutamwita anayefuata."

Ujumbe huo una herufi na alama zisizozidi 160, ambao ni ukomo wa SMS moja. Ukizidi, mtandao unaukata vipande na kukutoza kila kipande. Jihadhari na alama ya ng'. Ikiandikwa kwa kistari kilichonyooka haina tatizo, lakini simu nyingi huikunja zenyewe, na hapo ukomo wa ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Anayetuma kwa watu wengi, huku akiweka jina la kila mmoja, ataona gharama imepanda kwa kina Wang'ombe bila kujua sababu.

Muda wa kujibu ufupishwe kadiri siku inavyokaribia: Jumatano mpe mtu hadi kesho yake mchana, Alhamisi mpe hadi jioni, na Ijumaa asubuhi piga simu badala ya kutuma ujumbe. Usiwaite watu wawili kwa kiti kimoja ukitegemea kwamba mmoja hatajibu. Wakijibu wote, umeivunja ahadi ileile uliyoiandika. Na baada ya saa sita mchana Ijumaa usimwite mtu tena, hata kiti kikibaki kitupu. Aliye na watoto au anayetoka Kibaha hawezi kujipanga usiku mmoja, na atakayekubali kwa haraka ndiye anayefika saa nne wakati wenzake wameshapita hatua ya kwanza.

Kuna jambo linalozua ugomvi zaidi ya mengine. Namba 1 ameomba nafasi mbili, yake na ya mkewe, na kilichopatikana ni kiti kimoja. Mpe hicho kimoja kwanza. Akikikataa, kipeleke kwa namba 2, lakini yeye abaki namba 1 kwa kiti kinachofuata. Kanuni hii iandikwe kwenye daftari lako kabla orodha haijaanza. Vivyo hivyo ikiwa kuna watu mnaowapa kipaumbele, kwa mfano walezi wa vituo vya watoto wadogo, tangazeni hilo mapema. Kipaumbele kinachozuliwa baada ya namba kugawiwa kitasomeka kama upendeleo, na kwa haki kabisa.

Aliyechagua yote mawili, tarehe 27 na kusubiri tarehe 13, akijibu NDIYO, nafasi yake ya tarehe 27 ifutwe saa hiyohiyo na aambiwe imefutwa. Usipofanya hivyo, semina ya pili huonekana imejaa ilhali ina watu ambao wameshahudhuria ya kwanza.

Fedha zinahitaji uangalifu wa pekee. Fomu unaweza kuifunga ikifikisha watu 24, lakini lipa namba haina mlango wa kufunga. Bango la zamani linaendelea kuzunguka, na mtu akiliona Alhamisi usiku analipa papo hapo, kisha Jumamosi anakuja na ujumbe wa muamala mkononi. Linganisha majina ya fomu na miamala kila jioni. Ukikuta aliyelipa bila nafasi, mpigie siku hiyohiyo, mwambie semina imejaa, na umpe hiari ya kurudishiwa fedha zake au kuzihamishia tarehe 27. Kumhamisha bila kumuuliza ni kuchukua fedha ya mtu kwa kitu ambacho hakukinunua.

Orodha yenyewe, yenye majina na namba za simu, haifai kubandikwa kwenye kundi ili kila mtu aone yuko wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mtu alikupa namba ili umwite kwenye semina moja. Mjulishe nafasi yake yeye peke yake, na semina ikipita ifute orodha, isipokuwa kwa waliokubali kuarifiwa za baadaye. Na siku ya Ijumaa orodha inapofungwa, wale ambao hawakuitwa wapelekewe ujumbe mfupi kuwaambia hivyo. Ndio huachwa kimya mara nyingi, nao ndio waliosubiri muda mrefu kuliko wote.

Nawe unayesoma, ukiambiwa semina imejaa na jina lako limewekwa kwenye orodha, uliza mambo mawili: mimi ni namba ngapi, na mwito wa mwisho ni lini. Ukiwa upande wa pili, una nafasi iliyothibitishwa na umejua Jumanne kwamba hutaweza kuja, sema Jumanne. Ukisema Ijumaa usiku, kiti hicho hakina mtu wa kukikalia tena.