Mwelekeo wa Picha na Alama za Vipande katika Kijikaratasi cha Kuunga Samani Kinachoandikwa Upya kwa Kiarabu

Kijikaratasi cha kuunga kabati huonekana kana kwamba hakihitaji tafsiri, kwa kuwa kina michoro, nambari za hatua na alama za vipande tu. Hata hivyo, kinapoandikwa upya kwa Kiarabu, swali la kwanza si la msamiati bali ni la mwelekeo: ni kipi kigeuzwe na kipi kiachwe?

Mpangilio wa hatua sharti ugeuzwe. Msomaji wa Kiarabu huanzia kulia, hivyo hatua ya 1 hukaa juu kulia na ya 2 kushoto kwake. Mchoro wenyewe, kinyume chake, haugeuzwi. Mpangaji akiupindua ukurasa mzima kama taswira ya kiooni, kishale cha kukaza skrubu, ambacho hufuata mwendo wa saa, kitaelekeza kulegeza. Ubao wa ubavu wa kushoto nao utachorwa kulia. Mnunuzi akiutii mchoro huo, mfereji mwembamba wa kupokea ubao wa nyuma utajikuta mbele. Akiufungua na kuukaza tena, matundu ya ubao wa chembechembe hupanuka na skrubu haishiki tena. Kosa hili hujificha vizuri: herufi zilizopinduka huonekana mara moja na kupigwa chapa upya, ilhali kishale kilichopinduka hubaki kikionekana sahihi.

Alama za vipande zina hila yake. Tuchukue kipande chenye alama 104-322. Ikiwa peke yake kando ya mchoro, katika kisanduku cha maandishi ya kushoto kwenda kulia, husomeka sawasawa. Ikiwekwa ndani ya sentensi baada ya neno la Kiarabu, kanuni za Unikodi huyahesabu makundi hayo mawili kuwa tarakimu za Kiarabu na kuyapanga kuanzia kulia, kistari hakiyaunganishi. Kwenye karatasi hutokea 322-104, na mnunuzi hutafuta mfuko usiokuwamo. Vivyo hivyo, 12-A huonekana A-12, ambayo huenda ikawa alama ya kipande kingine kabisa.

Dawa ni kuizungushia alama herufi mbili zisizoonekana, `U+2066` mwanzoni na `U+2069` mwishoni, ili isomwe kuanzia kushoto bila kuathiriwa na sentensi. Tarakimu za alama nazo zibaki katika umbo lilelile lililochapwa kwenye mfuko, hata kama nambari za hatua zimeandikwa kwa tarakimu zitumiwazo Misri na nchi za Ghuba.

Ukaguzi wa kompyuta hautoshi hapa, maana ndani ya faili alama ingali 104-322 na chombo cha kutafuta kitaipata bila tatizo. Mhariri hana budi kuichapa karatasi, kuiweka kando ya mifuko ya vipande, na kulinganisha alama moja moja kwa macho.